Ndizi za Ijumaa, faini ya Jumatatu: kesi ya mchuuzi wa Nairobi hatua kwa hatua

Kisa hiki ni cha kielelezo. Mchuuzi wake hana jina, na hatua anazopitia ni zile ambazo mchuuzi yeyote anayekamatwa na kanjo, yaani askari wa kaunti, katikati ya Nairobi anaweza kuzipitia: gari la kaunti, seli, karatasi ya mashtaka, kizimba, faini. Sheria zinazotajwa ni za Kenya. Tanzania na Uganda zina mpangilio mwingine wa mahakama na wa rufaa, kwa hiyo aliye huko asizibebe nambari za vifungu vya hapa akazipeleka mbele ya hakimu wake.

Mama huyu anauza ndizi na maparachichi kwenye karai, pembeni mwa barabara ya Tom Mboya. Ijumaa saa tisa alasiri anakamatwa na askari wa kaunti pamoja na wachuuzi wengine. Karai lake linatupwa ndani ya gari juu ya mizigo ya wenzake. Hakuna anayeandika kilichochukuliwa. Askari mmoja anadokeza kwamba jambo hili linaweza kuishia papo hapo.

Dokezo hilo lina bei mbili. Ya kwanza ni kwamba anayetoa na anayepokea wote wana kosa chini ya Sheria ya Hongo ya 2016, hivyo mchuuzi anaacha kosa dogo na kuingia katika kosa kubwa. Ya pili ni kwamba hakuna risiti, na kesho yake askari wa zamu nyingine hana habari na malipo ya jana. Faini halali hutozwa na mahakama. Askari wa barabarani hana mamlaka ya kuwa hakimu, hata akiwa na kitabu cha risiti mkononi.

Kwa nini Ijumaa ni siku mbaya? Kifungu cha 49 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani haraka iwezekanavyo, na isizidi saa 24. Lakini kifungu hichohicho kinasema kwamba saa 24 zikiishia nje ya saa za mahakama, au katika siku ambayo mahakama haiketi, muda unasogea hadi mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Aliyekamatwa Jumanne saa tisa anapaswa kusimama mbele ya hakimu kufikia Jumatano alasiri. Aliyekamatwa Ijumaa saa tisa anaweza kukaa ndani hadi Jumatatu jioni bila mtu kuvunja neno lolote la Katiba kuhusu muda.

Njia ya kutoka ni dhamana ya polisi. Wachuuzi wengi hawaiombi kwa sababu wanadhani dhamana ni jambo la hakimu. Kifungu hicho cha 49 kinampa aliyekamatwa haki ya kuachiliwa kwa dhamana yenye masharti ya kiasi, hata kabla ya kushtakiwa, isipokuwa kuwe na sababu nzito ya kumzuia. Mkuu wa kituo anaweza kumwachilia kwa ahadi ya maandishi tu, au kwa pesa taslimu. Ahadi ya maandishi hailipiwi hata shilingi. Pesa taslimu zikitolewa lazima ziwe na risiti ya serikali yenye jina la mtuhumiwa, na pesa hizo ni zake: hurudishwa kesi ikiisha, mradi alifika kila alipotakiwa. Bila risiti, hakutakuwa na cha kurudisha.

Kwa hiyo akifika kituoni kuna mambo mawili ya kusimamia. Moja ni jina lake kuingizwa katika kitabu cha matukio, kile ambacho kila mtu hukiita OB, pamoja na saa ya kukamatwa. Aombe nambari ya ingizo hilo na aikariri. Kama gari la kaunti lilizunguka mjini kwa muda wa saa tatu kabla ya kufika kituoni, saa za Katiba zilianza pale Tom Mboya, si pale kaunta. Jambo la pili ni mali. Aombe iandikwe: karai moja, ndizi mikungu miwili, maparachichi kadiri ya debe moja, pesa za mauzo kiasi fulani. Jamaa aliyekuwepo apige picha ya karai likiwa garini. Mali isiyoandikwa siku ya kwanza ni vigumu sana kuidai siku ya kumi, na ndizi hazisubiri.

Tuseme dhamana inakataliwa na mama analala ndani. Jumatatu asubuhi anapelekwa mahakama ya jiji.

Kuna imani kwamba mahakama hii ni ya kaunti. Hakimu wake ni wa Idara ya Mahakama, sawa na hakimu wa mahakama nyingine yoyote, na anafungwa na Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, yaani sura ya 75. Mwendesha mashtaka naye anapaswa kuwa na idhini ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Hii ina maana kwamba kila haki ya mtu anayeshtakiwa kwa wizi ni haki ya mtu anayeshtakiwa kwa kuuza ndizi.

Kabla hajaitwa, ombi lake la kwanza liwe kuona karatasi ya mashtaka au kusomewa polepole. Katika kisa hiki ina mashtaka mawili: kuchuuza mahali pasipotengwa, na kuzuia njia ya waenda kwa miguu. Kifungu cha 134 cha sura ya 75 kinataka shtaka litaje kosa mahususi na maelezo ya kutosha ili mshtakiwa ajue anajibu nini. Kwa mchuuzi, maelezo hayo ni mtaa gani, tarehe gani, saa ngapi, bidhaa gani, na sheria gani iliyovunjwa. Karatasi zinazoandikwa kwa mkupuo baada ya msako huweza kuwa na mtaa uleule na bidhaa ileile kwa watu kumi waliokamatwa katika mitaa mitatu. Muuza ndizi akisomewa kwamba alikuwa akiuza soksi River Road, hilo si kosa dogo la karani. Aliseme. Ila asidhani kesi itakufa hapo: kifungu cha 214 kinamruhusu hakimu kuagiza shtaka lirekebishwe, na baada ya marekebisho ni lazima mshtakiwa asomewe upya na ajibu upya.

Sheria iliyotajwa nayo iangaliwe. Sheria ndogo nyingi za jiji zilitungwa na baraza la jiji la zamani, chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa iliyofutwa baada ya uchaguzi wa Machi 2013. Hoja ya kwamba zilikufa pamoja na sheria mama hiyo inavutia, lakini si nyepesi. Sheria ya Tafsiri, sura ya 2, inaruhusu kanuni ndogo kuendelea kuishi sheria mama inapofutwa, iwapo hazipingani na sheria mpya. Hoja yenye meno zaidi ni ya Sheria ya Hati za Kisheria ya 2013, inayoweka ukomo wa miaka 10 kwa hati kama hizo. Shtaka likisimama juu ya sheria ndogo ya 2007, upande wa mashtaka uulizwe inaishi kwa nguvu gani leo. Likisimama juu ya sheria ya bunge la kaunti, uulizwe ilichapishwa lini katika Gazeti Rasmi, kwa sababu kifungu cha 199 cha Katiba kinasema sheria ya kaunti haianzi kazi kabla ya kuchapishwa. Hoja hizi zinahitaji wakili au mtu wa msaada wa kisheria. Mshtakiwa aliye peke yake anatosha kuuliza swali na kukana shtaka. Mabishano ya sheria yatakuja baadaye.

Sasa tufike kizimbani, maana kesi nyingi za namna hii huamuliwa katika dakika mbili za kujibu shtaka na hazisikizwi kamwe.

Watu wanasimamishwa kwa kundi. Shtaka linasomwa mara moja, kwa haraka. Karani anauliza, “Ni kweli ama si kweli?” Sauti zinajibu pamoja, “Ni kweli.” Hapo mama ameshakiri.

Utaratibu halali wa kupokea jibu ulielezwa na Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri ya 1973, na mahakama za Kenya bado zinaufuata. Shtaka na vipengele vyake vyote visomwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa. Jibu lake liandikwe kwa maneno yake mwenyewe, kadiri inavyowezekana. Akikiri, mwendesha mashtaka aeleze mambo yalivyotokea, kisha mshtakiwa apewe nafasi ya kuyapinga au kuongeza lake. Akipinga jambo la msingi, kukiri kunafutwa na kunaandikwa kukana. Yasipopingwa, ndipo anatiwa hatiani.

Kiini cha utaratibu huo kwa mchuuzi ni neno “lakini”. Mtu akisema, “Ni kweli nilikuwa nauza, lakini nina kibali cha kaunti,” hajakiri. Akisema, “Ni kweli nilikuwa hapo, lakini sikuwa nauza, nilikuwa nabeba mzigo kupeleka soko la Muthurwa,” hajakiri. Yote mawili yanapaswa kuandikwa kuwa amekana. Lakini akisema, “Ni kweli, lakini nina watoto na mvua ilininyeshea,” huko ni kukiri pamoja na kuomba huruma, na hakimu ataendelea na adhabu. Tofauti ni hii: maelezo yanayogusa kosa lenyewe yanabatilisha kukiri, maelezo yanayogusa maisha ya mtu hayabatilishi.

Kwa nini hili lina uzito hivyo? Kifungu cha 348 cha sura ya 75 kinamzuia aliyekiri kukata rufaa juu ya hatia yenyewe. Anabaki na ukubwa wa adhabu na uhalali wake tu. Mlango pekee ni kuthibitisha kwamba kukiri kwake hakukuwa kamili, na ushahidi wa hilo ni kile kilichoandikwa na mahakama. Ndiyo maana mtu asijibu katika kwaya. Anyoshe mkono, aombe asomewe peke yake, na kama Kiswahili au Kiingereza cha mahakama kinampita aombe mkalimani, ambaye kifungu cha 50 cha Katiba kinampa bila malipo.

Mama wa kisa chetu ana risiti za ushuru wa kila siku alizokatiwa na mkusanyaji wa kaunti mahali palepale alipokamatwa. Watu huziona risiti hizi kama silaha isiyoshindwa. Ni silaha yenye makali pande zote. Zinaonyesha kwamba kaunti ilijua anauza hapo na ilichukua pesa yake, jambo linalodhoofisha dai la kwamba mahali hapo hapajaruhusiwa. Lakini zinathibitisha pia kwamba alikuwa akiuza. Ambaye utetezi wake ni “sikuwa nauza” aziache nyumbani. Mama huyu hakatai kuuza. Anachokataa ni kwamba aliuza bila ruhusa. Kwa hiyo jibu lake ni: “Si kweli. Nilikuwa nauza mahali ambapo kaunti hunitoza ushuru kila siku, na risiti ninazo.” Kwa shtaka la pili: “Si kweli. Karai langu lilikuwa ukutani, watu walikuwa wanapita.”

Akishakana, linalofuata ni dhamana ya mahakama. Ibara ya pili ya kifungu cha 49 inasema mtu asiwekwe rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini peke yake, au kifungo kisichozidi miezi 6. Makosa mengi ya sheria ndogo yamo humo. Hakimu akitaja dhamana ambayo mama hawezi kuifikia, matokeo yake ni rumande kwa jina jingine, na hapo aseme waziwazi: “Naomba kuachiliwa kwa ahadi yangu mwenyewe chini ya kifungu cha 49, ibara ya pili.” Sentensi moja inatosha. Akishaachiliwa, asikose tarehe hata moja, hata ile ya kesi kutajwa tu. Akikosa, hati ya kumkamata inatolewa na pesa za dhamana zinaweza kutaifishwa.

Kukana kuna gharama, na washauri wengine huificha. Kesi itatajwa, itaahirishwa, itatajwa tena. Kila tarehe ni siku ya biashara iliyopotea. Kwa mchuuzi asiye na kibali, asiye na risiti, aliyekamatwa akihesabu chenji ya mteja, kukiri na kuomba adhabu nyepesi huweza kuwa hesabu ya busara. Kukana kunafaa pale ambapo kuna kitu cha kusimamia: kibali, eneo lililotengwa, shtaka lisilolingana na tukio, au mtu ambaye hakuwa akiuza kabisa.

Kesi ikisikizwa, mzigo wa kuthibitisha ni wa upande wa mashtaka. Askari aliyemkamata lazima aje mwenyewe, na maswali ya kumuuliza yawe mafupi. Uliniona nikimuuzia nani? Mahali paliandikwa wapi kwamba hapajatengwa? Bidhaa ziko wapi? Ziliandikwa na nani? Upande uliolalamika ukijua tarehe na usifike, kifungu cha 202 kinamruhusu hakimu kumwachilia mshtakiwa, ingawa hakimu anaweza kuahirisha kwa sababu nzuri. Ushahidi ukiisha bila kufikia kiwango, kifungu cha 210 kinamwachilia bila hata kujitetea. Jambo moja ambalo mshtakiwa asilinyamazie ni kibali. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 111, inaweka juu yake mzigo wa kuonyesha mambo anayoyajua yeye hasa, na kuwa na kibali ni mojawapo. Haki ya kukaa kimya haikitoi kibali mfukoni.

Tuchukue sasa kwamba mambo hayakwenda hivyo. Mama alijibu katika kwaya, amekiri yote mawili, na hakimu ametoza faini ya shilingi 5,000 kwa kila shtaka, au kifungo cha miezi 4 kwa kila moja. Familia inaanza kuchangisha 10,000 kwa M-Pesa. Kabla ya hapo, hesabu ifanywe.

Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 28, ina jedwali la kifungo cha aliyeshindwa kulipa faini, pale ambapo sheria ya kosa lenyewe haijasema vingine. Faini isiyozidi 500 ni siku 14 kwa upeo. Hadi 2,500 ni mwezi 1. Hadi 15,000 ni miezi 3. Hadi 50,000 ni miezi 6. Faini ya 5,000 inaangukia miezi 3. Miezi 4 imevuka upeo, na adhabu iliyovuka upeo ni adhabu isiyo halali, ambayo hata aliyekiri anaweza kuipinga. Vifungo vya kushindwa kulipa faini kwa kawaida hufuatana, havitumikiwi kwa pamoja, kwa hiyo mwezi mmoja uliozidi katika kila shtaka ni miezi miwili ya ziada gerezani. Jambo la pili la kuangalia ni kama 5,000 yenyewe imevuka faini ya juu iliyomo katika sheria iliyotajwa kwenye karatasi ya mashtaka. Mara nyingi hakuna aliyeifungua.

Kabla ya adhabu kutamkwa kulikuwa na nafasi ya kujitetea ili ipunguzwe, na huwa inapotea kwa neno “naomba msamaha”. Hakimu anahitaji mambo anayoweza kuyaandika: ni mara ya kwanza, amelala seli tangu Ijumaa, mzigo wenye thamani fulani umeoza, hulipa ushuru kila siku, ana mtoto anayenyonya. Kisha aombe jambo mahususi. Kifungu cha 35 cha Kanuni ya Adhabu kinamruhusu hakimu kumwachilia aliyetiwa hatiani bila adhabu, ama moja kwa moja ama kwa sharti la kutorudia kosa. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 1998 inaruhusu kazi ya umma badala ya gereza, baada ya ripoti ya afisa wa urekebishaji. Anaweza pia kuomba muda wa kulipa. Asiyeomba hivi vyote kwa jina hupata faini.

Faini ikilipwa, ilipwe kwa nambari ya malipo inayotolewa na ofisi ya mahakama, na risiti ibebe nambari ya kesi. Kulipa hakufuti haki ya rufaa. Sehemu ikilipwa baada ya kuingia gerezani, muda wa kifungo hupungua kwa uwiano, hivyo kukosa 10,000 zote si sababu ya kutolipa 6,000 zilizopatikana.

Rufaa inakwenda Mahakama Kuu, na kifungu cha 349 kinatoa siku 14 tangu adhabu itolewe. Aliyehukumiwa Jumatatu tarehe 10 ana hadi tarehe 24. Siku hiyohiyo ya adhabu aombe kwa barua nakala ya mwenendo wa kesi, na abaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Nakala ikichelewa, muhuri huo ndio sababu nzuri ya kuomba kuongezewa muda. Katika nakala atafute mambo matatu: lugha iliyotumika, maneno yake yalivyoandikwa, na kama maelezo ya tukio yalisomwa baada ya kukiri. Ikiwa karani ameandika tu “amekiri” mbele ya majina kumi na kupitiliza hadi adhabu, hoja ya Adan imejiandika yenyewe.

Ipo pia njia ya marejeo, chini ya vifungu vya 362 na 364, ambapo Mahakama Kuu huita faili na kuchunguza uhalali wa adhabu. Barua ya kawaida yaweza kuianzisha, na kwa adhabu iliyovuka jedwali inafaa kuliko rufaa ndefu. Ina mtego mmoja: aliyekuwa na haki ya rufaa na hakuitumia hawezi yeye mwenyewe kusukuma marejeo badala yake. Aandike mapema, ndani ya zile siku 14, na ahifadhi nafasi ya rufaa. Kituo cha Sheria na Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa na sheria ya 2016, husaidia wasio na uwezo wa wakili. Aende na karatasi ya mashtaka, risiti na nambari ya OB, si na hadithi peke yake.

Limebaki karai. Mali iliyoletwa kama kielelezo iko chini ya amri ya hakimu, na ombi la kuirudisha lifanywe palepale adhabu inapotolewa au mshtakiwa anapoachiliwa. Mali isiyoletwa mahakamani haikuwa kielelezo cha kesi yoyote, na kaunti inaweza kudaiwa thamani yake. Aanze na barua ya madai kwa idara ya sheria ya kaunti, ikiwa na tarehe, nambari ya OB, picha na risiti za jumla za soko la Wakulima au Muthurwa alikonunua mzigo. Isipojibiwa, Mahakama ya Madai Madogo husikiza madai ya hadi shilingi 1,000,000, na upotevu wa mali ni miongoni mwa mambo yake. Asingoje mwaka upite, maana madai dhidi ya serikali hukabwa na ukomo mfupi. Bei atakayodai ni ile aliyonunulia asubuhi ya Ijumaa, kwa risiti. Faida aliyotarajia ni ngumu kuithibitisha, na barua inayoanza na faida hupunguza uzito wa mzigo wenyewe.